Soko kuu au soko la kampuni ndogo: ulinganisho kwa anayetaka kununua hisa

Kampuni mbili zimeorodheshwa kwenye soko moja la hisa. Ya kwanza ni kubwa na ya zamani, hutoa gawio karibu kila mwaka, na bei yake hupanda kwa mwendo wa kinyonga. Ya pili ni changa, imeingia kupitia sehemu iliyotengwa kwa kampuni ndogo zinazokua, na waraka wake unazungumzia kuongeza mauzo mara tatu. Zote mbili unazinunua kwa dalali yule yule, na kwenye skrini ya simu zinakaa mstari mmoja juu ya mwingine. Ndiyo maana watu wengi huzilinganisha kwa bei na matumaini tu, wakasahau kwamba zimepita katika malango mawili tofauti.

Sehemu hizi za kampuni ndogo zipo katika masoko mengi. Soko la Hisa la London lilifungua AIM Juni 1995. Nairobi ilizindua GEMS Januari 2013, na mwaka huo huo Dar es Salaam ikafungua dirisha lake la kukuza ujasiriamali. Majina yanatofautiana, lakini wazo ni lile lile: kampuni isiyo na historia ndefu ya faida ipate mtaji wa umma bila kubeba gharama na masharti yote ya soko kuu. Katika makala hii nitaliita soko dogo, kwa ufupi.

Nitayapima masoko haya mawili kwa maswali manne. Nani aliyeikagua kampuni kabla ya kuingia? Ni hisa ngapi hasa ziko mikononi mwa umma? Hesabu zinakufikia lini, na katika hali gani? Na la mwisho, ambalo mimi hulipa uzito kuliko yote: ukitaka kutoka, mlango una upana gani?

Nani alinda lango

Soko kuu. Hapa mlinzi wa kwanza ni masharti yenyewe, yaliyoandikwa kwa tarakimu. Chukua Kenya chini ya kanuni za mwaka 2002: aliyetaka kuingia sehemu kuu ya uwekezaji alihitaji mtaji uliolipwa wa angalau shilingi milioni 50, rasilimali halisi za shilingi milioni 100, na faida katika miaka mitatu kati ya mitano iliyotangulia. Mlinzi wa pili ni mdhibiti wa serikali, anayepitia waraka wa matarajio na kuuidhinisha kabla haujafika kwa umma. Masharti haya hayakai palepale. Kenya iliandika upya kanuni zake mwaka 2023, na Uingereza mwaka 2024 iliondoa sharti la historia ya miaka mitatu kwenye soko lake kuu. Kwa hiyo usidhani kila kampuni ya soko kuu ina rekodi ndefu. Fungua toleo la sasa la kanuni za soko unalotaka kuingia.

Soko dogo. GEMS ilipoanza, kiwango cha mtaji kilikuwa shilingi milioni 10 na hakukuwa na sharti la faida. AIM ilikwenda mbali zaidi: kanuni zake hazidai historia ya biashara. Mahali pa tarakimu pamewekwa mtu, yaani mshauri mteule. Hii ni kampuni ya ushauri wa fedha iliyosajiliwa na soko. Kazi yake ni kuichunguza kampuni, kuwapeleleza wakurugenzi, kusoma mikataba, kisha kulithibitishia soko kwamba kampuni inafaa kuorodheshwa. Baada ya hapo hubaki nayo, ikiiongoza katika kutimiza wajibu wake kwa wanahisa.

Mfumo huu una akili yake. Mtu mzoefu aliyekaa na kampuni miezi kadhaa anaweza kuona mambo ambayo orodha ya masharti haiyaoni, na kampuni nzuri isiyo na faida bado haifungiwi nje. ASOS iliingia AIM mwaka 2001 ikiwa duka dogo la mtandaoni, ikakulia humo miaka ishirini, na kuhamia soko kuu mwaka 2022.

Udhaifu wake nao uko wazi: mshauri hulipwa na kampuni ile ile anayoithibitisha. Soko humsimamia na linaweza kumtoza faini au kumfutia usajili, lakini hundi yake inatoka kwa mteja. Kwa hiyo mshauri mwenye jina la kulinda ni mali, na mshauri ambaye wateja wake watatu wa mwisho walisimamishwa biashara ni onyo. Jina lake limeandikwa kwenye waraka wa kuingia, mara nyingi kwenye jalada lenyewe. Litafute, kisha uone kampuni nyingine alizozileta sokoni ziko wapi leo.

Mshauri huyu ndiye pia kengele yako ya hatari. Kwa kanuni za AIM, kampuni isiyo na mshauri mteule husimamishwa biashara, na isipopata mwingine ndani ya mwezi mmoja huondolewa sokoni. Ukisoma tangazo kwamba mshauri ataondoka karibuni na mrithi hajatajwa, huku hisa zikiwa bado zinauzwa, usisubiri ufafanuzi. Mtu aliyelipwa kuijua kampuni kwa ndani ameamua kuondoka.

Hisa ngapi zinazunguka

Soko kuu. Kanuni zile za Kenya zilitaka robo ya hisa iwe kwa umma, ikigawanywa kwa wanahisa wasiopungua 1,000. London nayo ilidai asilimia 25 kwa miaka mingi, kisha Desemba 2021 ikashusha hadi 10. Hata hiyo 10 ya kampuni kubwa ni hisa nyingi sana.

Soko dogo. GEMS ilidai asilimia 15 kwa umma na wanahisa 25 tu. AIM haikuweka kiwango maalumu. Iliacha suala hilo kwa busara ya mshauri. Tuifanyie hesabu hiyo asilimia 15. Kampuni ina hisa milioni 100, na milioni 15 ni za umma. Mifuko mitatu ya uwekezaji imechukua milioni 12 na haina haraka ya kuuza. Zilizobaki kubadilishana mikono siku hadi siku ni milioni 3. Mnunuzi mmoja mwenye shauku anaipandisha bei, na muuzaji mmoja mwenye shida anaibomoa, bila jambo lolote kubadilika ndani ya kampuni. Ile mistari ya bei inayoruka kama panzi mara nyingi haina habari yoyote ndani yake. Ni uchache wa hisa tu.

Kuna jambo la kufungiwa hisa pia. Kwenye AIM, kama biashara haijafikisha miaka miwili ya kujitegemea na kupata mapato, wakurugenzi na watu wa karibu hukubali kutouza hisa zao kwa mwaka mmoja tangu siku ya kuingia. GEMS iliwafunga wenye udhibiti kwa miezi 24. Sharti hili ni kinga nzuri, ila lina tarehe ya mwisho. Iandike kwenye kalenda yako, kwa sababu siku inayofuata hisa nyingi zinaweza kumwagwa kwenye soko lenye wanunuzi wa kuhesabika.

Hesabu zinakuja lini

Hapa tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, ila inauma. Kampuni ya soko kuu la London hutoa hesabu za mwaka ndani ya miezi minne. Ya AIM ina miezi sita. Mwaka ukiishia Desemba 31, hesabu zilizokaguliwa za kampuni ndogo zinaweza kukufikia mwishoni mwa Juni, nawe ukawa unasoma hali ya miezi sita iliyopita kuhusu kampuni ambayo fedha zake zinatosha miezi kumi na miwili. Hesabu za nusu mwaka hutoka kote kuwili, na kwa kawaida hazikaguliwi.

Kisa cha kampuni ya maduka ya keki ya Uingereza, Patisserie Holdings, kinaonyesha hali hiyo ilivyo. Iliingia AIM mwaka 2014. Ilikuwa na maduka ambayo mtu anaweza kuingia na kukaa, kwa hiyo haikuwa hewa. Taarifa yake ya nusu mwaka iliyoishia Machi 2018 ilionyesha fedha taslimu za takriban pauni milioni 28. Oktoba mwaka huo hisa zake zilisimamishwa biashara. Badala ya akiba hiyo palionekana deni la karibu pauni milioni 10, likiwemo la benki ambalo bodi ilisema haikulijua. Kabla Januari 2019 haijaisha, kampuni ilikuwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi, na wenye hisa hawakupata nafasi ya kuuza tangu siku ile ya kusimamishwa.

Ingekuwa uonevu kuishia hapo, kwa sababu soko kuu nalo lina majeraha yake. Wirecard ya Ujerumani ilikuwa kwenye faharasa ya kampuni kubwa kabisa za nchi hiyo ilipobainika, Juni 2020, kwamba euro bilioni 1.9 ilizodai kuwa nazo huenda hazikuwahi kuwepo. Lango gumu halimzuii mwongo aliyejipanga. Tofauti ni idadi ya macho. Kampuni kubwa hufuatiliwa na wachambuzi wengi, waandishi wa habari, na wanaouza hisa kwa kubashiri kushuka. Kampuni ndogo mara nyingi ina mchambuzi mmoja tu, na huyo analipwa na kampuni yenyewe. Ripoti yake utaijua kwa maandishi madogo chini ya ukurasa wa mwisho. Anzia hapo.

Jambo la kutazama katika hesabu za kampuni ndogo ni moja: taarifa ya mtiririko wa fedha. Kampuni ina milioni 24 benki na hutumia milioni 2 zaidi ya inavyoingiza kila mwezi. Itarudi kuomba kabla ya mwaka kwisha. Ikitoa hisa mpya milioni 40 juu ya zile milioni 100, wewe mwenye milioni 1 umeshuka kutoka asilimia 1 hadi 0.71, hata kama kampuni inafanya vizuri. Kampuni zinazokua huomba tena na tena. Si kosa, ni namna zinavyoishi, ila bei uliyoilipa leo lazima ihesabu maombi hayo.

Mlango wa kutokea

Soko kuu. Tuseme hisa ina mnunuzi anayetoa 10.00 na muuzaji anayetaka 10.05, kila upande ukiwa na makumi ya maelfu ya hisa. Ukinunua na kuuza papo hapo unapoteza nusu ya asilimia hivi, pamoja na ada ya dalali. Hasara hiyo utaisahau kesho.

Soko dogo. Hapa naomba utulie nami kidogo mbele ya ubao wa oda. Muuzaji wa bei nafuu kabisa anataka 10.50. Umenunua hisa 8,500 kwa bei hiyo. Sasa tazama upande wa wanunuzi: kuna oda ya hisa 1,500 kwa 9.00, oda ya 2,000 kwa 8.60, na oda ya 5,000 kwa 8.00. Chini ya hapo pako wazi.

Programu ya simu itakuonyesha bei ya mwisho kuuzwa, labda 10.50 hiyo hiyo uliyoilipa wewe, nawe utadhani hujapoteza kitu. Lakini ukiuza zote leo, unapata 13,500 kwa oda ya kwanza, 17,200 kwa ya pili na 40,000 kwa ya tatu. Jumla ni 70,700, wastani wa 8.32 kwa hisa. Umelipa 10.50. Karibu asilimia 21 ya fedha yako imeyeyuka bila kampuni kufanya kosa lolote, na umezila oda zote zilizokuwepo. Mwenzako anayefuata kuuza hana mnunuzi kabisa.

Hata ukiuza hisa 1,500 tu kwa oda ile bora ya 9.00, oda hiyo ingehitaji kupanda karibu asilimia 17 ndipo urudishe ulichotoa. Niliwahi kukaa wiki tano na oda ya kuuza hisa za namna hii. Kila asubuhi naona zimetoka mia mbili, siku nyingine hakuna hata moja, na dalali ananiambia kwa upole nishushe bei. Nilishusha mara mbili.

Kipimo ninachokitumia tangu wakati huo ni rahisi. Natafuta wastani wa hisa zinazouzwa kwa siku katika miezi mitatu, nachukua robo yake, nagawanya idadi ya hisa ninazotaka kununua kwa robo hiyo. Jibu ni siku ambazo ningehitaji kutoka bila kuibomoa bei mwenyewe. Kampuni inayouza hisa 3,000 kwa siku inaniruhusu 750. Kwa hisa 8,500 nahitaji siku 12 za biashara, zaidi ya wiki mbili. Na huo ni wakati wa utulivu. Habari mbaya zikija, wanunuzi hao ndio wa kwanza kuondoa oda zao.

Kuna mlango mwingine unaoweza kufungwa kutoka ndani. Kampuni ya AIM ikitaka kujiondoa sokoni kwa hiari, inahitaji asilimia 75 ya kura zilizopigwa. Mwanzilishi na washirika wake wakishika asilimia 70, na nusu tu ya wanahisa wengine wakipiga kura, zinapigwa kura za asilimia 85 ya hisa zote. Sabini kati ya 85 ni zaidi ya 82. Hoja inapita hata kama kila mgeni aliyepiga kura ameikataa, nawe unabaki na hisa halali za kampuni isiyo na soko. Kwa hiyo kabla ya kununua, fungua orodha ya wanahisa wakubwa na ujumlishe fungu la waanzilishi.

Yakifika mabaya, yanafika mbali kiasi gani?

Mfano mkubwa ni Neuer Markt ya Frankfurt, iliyofunguliwa mwaka 1997 kwa kampuni changa. Masharti yake ya kutoa taarifa hayakuwa legelege kwa wakati wake, tofauti na wengi wanavyosimulia. Hata hivyo, kutoka kilele cha Machi 2000 hadi vuli ya 2002 faharasa yake kuu ilipoteza takriban asilimia 96. Ukaguzi maalumu wa kampuni moja iliyokuwa humo, Comroad, ulionyesha kwamba karibu mauzo yake yote ya mwaka 2000 yalikuwa ya kubuni. Soko lile lilifungwa mwaka 2003.

Karibu zaidi nasi, kampuni ya kwanza kuingia GEMS, Home Afrika ya biashara ya ardhi na nyumba, iliorodheshwa Julai 2013 kwa shilingi 12, na miaka iliyofuata hisa yake ikashuka chini ya shilingi 1. Haikuhitaji kashfa ya vitabu kama Comroad. Biashara ya ardhi hufunga fedha kwa miaka, na kampuni changa yenye madeni haina miaka ya kusubiri.

Kwenye soko kuu hasara za aina hii zipo, ila mara nyingi huja kampuni moja moja. Kwenye soko dogo kampuni hushuka pamoja, kwa sababu zinategemea kisima kimoja: wawekezaji walio tayari kutoa mtaji mpya. Kisima kikikauka, nzuri na mbovu zinakosa maji mwaka mmoja.

Kila moja inamfaa nani

Soko kuu linamfaa mwenye fedha zenye kazi maalumu mbele yake, anayetegemea gawio, au asiye na muda wa kusoma matangazo ya kampuni kila wiki. Analipia utulivu huo kwa kukosa ukuaji mkubwa: kampuni iliyokwisha kukua hairudii utoto wake.

Soko dogo linamfaa mtu anayeijua sekta kwa ndani. Mhandisi wa umeme anayesoma waraka wa kampuni ya nishati anaona mambo ambayo hata mchambuzi wa mjini hayaoni, na kwenye soko lenye macho machache ujuzi huo una bei. Linamfaa pia anayeweza kuziacha fedha miaka mitano au zaidi na kuzigawanya kwenye kampuni kadhaa. Mwenye kampuni moja tu ya soko dogo ana bahati nasibu yenye karatasi nyingi.

Sasa tuje kwenye hali yako. Kama fedha hizo ni za ada au ujenzi ndani ya miaka mitatu, kaa soko kuu, au usiingie kwenye hisa kabisa. Kama una akiba ya dharura pembeni na unataka kuonja ukuaji, weka sehemu kubwa soko kuu na upeleke soko dogo kiasi ambacho kikipotea chote hutabadilisha mipango ya nyumbani.

Kama tayari umeipenda kampuni fulani ndogo, fanya mambo manne kabla ya kumpigia dalali: angalia historia ya mshauri mteule, jumlisha hisa za waanzilishi, hesabu miezi ya fedha iliyobaki, na upige ile hesabu ya siku za kutoka. Jibu la mwisho likizidi siku 20 za biashara, punguza idadi ya hisa hadi lishuke. Ukinunua, tumia oda yenye kikomo cha bei, kamwe usitumie ile ya kununua kwa bei yoyote, maana kwenye ubao mwembamba oda hiyo itapanda ngazi ya wauzaji hadi juu kabla hujafunga simu.

Na kama tayari unazo na umesikia kampuni imesimamishwa biashara, kuuza hakupo tena mezani. Soma tangazo la kusimamishwa mwenyewe utafute sababu iliyotajwa. Kuchelewa kwa hesabu au ununuzi mkubwa unaojadiliwa mara nyingi huishia kwa biashara kurejea. Mshauri aliyeondoka ana saa inayohesabu mwezi mmoja. Muulize katibu wa kampuni kwa maandishi kama mrithi amepatikana, na uhifadhi jibu lake.